Kipindi cha simu redioni: salamu ndefu, kimya, na mpigaji anayehama mada

*"Wakuu, nimekabidhiwa kipindi cha mjadala cha saa tatu usiku kwenye redio yetu hapa Kigoma. Simu ikiingia, dakika nzima inaishia kwenye salamu. Isipoingia nabaki nimeduwaa hewani. Na wakishaanza kuongea wanahama mada. Wenzangu mnafanyaje?"*

Mkuu, hongera kwa kukabidhiwa kipindi. Nimeongoza kipindi cha aina hiyo hapahapa mjini kwa miaka tisa, na hayo matatu yote yalinikuta usiku mmoja, kwa hiyo nitakusimulia usiku huo.

Ilikuwa Juni 2024. Ziwa Tanganyika upande wetu lilikuwa limefungwa tangu tarehe 15 Mei, na lingefunguliwa 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mji mzima ulikuwa unazungumzia jambo hilo. Studioni tulikuwa mimi na mgeni, mtaalamu wa uvuvi. Mtayarishaji alikuwa chumba cha pili na simu. Mgeni akaeleza vizuri, nikamgeukia msikilizaji: "Ndugu msikilizaji, una maoni gani kuhusu kufungwa kwa ziwa?" Nikataja namba mara mbili.

Kimya. Nikarudia namba. Nikamuuliza mgeni swali la kujazia, akajibu kwa maneno manne. Dakika nne zikapita bila simu hata moja, na jasho lilikuwa linanitoka.

Jambo la kwanza tulilofanya ndilo nawe ulifanye: fundi mitambo alitoka nje akapiga namba ya studio kwa simu yake mwenyewe. Ikaita. Kumbe mtandao ulikuwa mzima, na tatizo lilikuwa swali langu. Ukiruka kipimo hicho utatumia kipindi kizima kulaumu mtandao.

"Una maoni gani" ni swali la kumwomba mtu atoe hotuba. Mama wa Kibirizi hakai na hotuba mfukoni, ila anajua leo mezani kwake kulikuwa na nini. Mtayarishaji alinisukumia kikaratasi kimeandikwa: *waulize wanauza nini sasa*. Nikasema: "Wewe mama uliyekuwa na kichanja cha dagaa pale Kibirizi, tangu ziwa lifungwe unauza nini?" Haikupita dakika moja simu ikaita, na baada ya hapo haikupumzika.

Tangu siku hiyo kila swali langu la hewani lina mtu maalumu ndani yake, mahali, na jambo ambalo mtu huyo amelifanya au limempata. Ninayaandika matatu kabla ya kipindi, kutoka jembamba kwenda pana. La maoni naliweka mwisho, watu wakishachangamka. Na yule wa kwanza kupiga namtafuta mapema: mchana mtayarishaji anaongea na watu wawili watatu wanaoguswa na mada, anawaomba wawe karibu na simu zao. Hatuwapi maneno ya kusema. Tunachohakikisha ni kwamba mtu wa kufungua mlango, yaani wa kupiga simu ya kwanza, yupo.

Sasa salamu. Kwetu huwezi kumpokea mtu mzima bila shikamoo, na mtangazaji anayeziruka anasikika hana adabu. Lakini dakika hailiwi na shikamoo, inaliwa na maswali ambayo sisi wenyewe tunamuuliza mpigaji: "Haloo, nani mwenzetu? Unapiga kutoka wapi? Unatupata vizuri? Habari za huko?" Kila moja linadai jibu, na kila jibu linaalika jingine. Hayo yote yanatakiwa yaishe kabla mtu hajaingia hewani. Mtayarishaji akipokea simu anauliza jina, mahali, na "unataka kusema nini kwa ufupi", kisha anamwambia azime redio au atoke chumba chenye redio. Kwangu hufika karatasi yenye mstari mmoja. Yule mama niliingia naye hivi:

"Tunaye mama kutoka Kibirizi, alikuwa na kichanja cha dagaa. Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, tangu ziwa lifungwe, pale mezani kwako kuna nini?"

Kumbe alikuwa ameanza kuuza mawese kwa vidumu, ila wateja wake wa dagaa walikuwa wale wa mabasi ya kwenda mikoani, na mawese hawakuwa na haja nayo kwa sababu huyapata njiani. Taarifa hiyo hata mgeni wangu hakuwa nayo. Salamu zilichukua sekunde tano.

Wale wanaotaka kumsalimia shemeji Kasulu na wajomba wote wa Ujiji, usiwazuie, wapangie mahali. Mtayarishaji anaziandika wakati wa kuwapokea, nami nazisoma dakika tatu za mwisho, zote. Ukiahidi kisha usisome, wiki inayofuata salamu zinarudi mwanzoni mwa simu, kwa sababu watu wamejua kwamba wasipojisemea wenyewe hazitasemwa.

Kuna jambo la salio pia, na linaniuma kwa sababu wengi hawalifikirii. Mpigaji anayesubiri zamu anachoma vocha yake. Ukimweka dakika sita, anaingia hewani na haraka, au simu inakatika katikati ya hoja. Kama redio yenu ina kifurushi, mtayarishaji achukue namba, akate, ampigie zamu yake ikikaribia. Tulipoanza hivyo tuliwapata wazee na kina mama ambao zamani hatukuwasikia kabisa.

Turudi kwenye kimya, maana si cha aina moja. Kipo cha kukosa simu, nimeshakieleza. Kipo cha laini kukatika, na kipo cha mpigaji kunyamaza. Viwili hivi vya mwisho unavitofautisha kwa sikio. Laini iliyokatika haina kitu chochote nyuma yake, imekauka. Mpigaji aliyenyamaza unasikia pumzi, mtoto, jogoo, au redio yake. Mimi nikihesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo bila sauti, nachukua hatua. Laini ikiwa imekauka sisemi "haloo haloo" hata mara moja. Nasema, "Kabla simu haijakatika mama alikuwa anasema wateja wa mabasi hawanunui mawese," namgeukia mgeni, huku mtayarishaji akimpigia tena. Ndiyo maana naandika maneno matatu manne ya kila mpigaji anapoongea.

Aliyenyamaza mara nyingi anajisikia mwenyewe. Sauti yake inamrudia kwa kuchelewa kidogo, anachanganyikiwa, anakatisha sentensi. Ikiwa redio yake imewaka, ni suala la kumwomba azime. Lakini kama kila mpigaji analalamika, kosa liko kwenye mixa yenu. Mpigaji anatakiwa arudishiwe sauti zote za studio isipokuwa yake mwenyewe. Kwenye mixa ndogo tulizonazo wengi, simu inarudishiwa sauti kupitia tundu lililoandikwa `AUX SEND`. Pandisha kitufe cha `AUX` kwenye maiki yako na ya mgeni, kisha kwenye njia inayoleta sauti ya simu kishushe mpaka sifuri. Jaribuni mchana na mtu aliye nje. Na simu za mkononi zikae mbali na maiki na nyaya, zikikaribia utasikia ule mlio wa *drrr-drrr* mpaka hewani.

Kuhama mada ndiko kulikonipa shida kubwa usiku ule. Baada ya mama alikuja kijana kutoka Katonga. Alianza na nyavu zake zilizokamatwa, nikafurahi. Kisha ghafla akamtaja mtu kwa cheo na jina, akasema anapokea pesa ili aachie nyavu. Redio yetu haina kifaa cha kuchelewesha sauti, kwa hiyo neno likitoka limetoka. Kinga pekee ni mkono wako kukaa juu ya kitelezi cha simu muda wote mtu anapoongea. Nilikishusha, sikuikata laini, nikasema:

"Kaka, nakusimamisha hapo. Huyo uliyemtaja hayupo hapa kujibu, na sisi hatuna ushahidi, kwa hiyo tuhuma hiyo hatuipokei hewani. Nisaidie hili: nyavu zako zilikamatwa lini, na ulipewa karatasi yoyote?"

Nikapandisha tena. Akajibu: wiki mbili zilizopita, na hakupewa karatasi. Hapo mgeni akawa na kitu cha kueleza, mtu aliyekamatiwa zana anatakiwa adai nini na aende wapi. Angelirudia lile jina ningemshukuru na kumuaga. Angalia mambo mawili hapo. Kukanusha lazima kusikike na wale wale waliosikia tuhuma, kwa sauti yako ya kawaida, papo hapo. Na swali la kumrudisha lazima litoke kwenye kitu chake mwenyewe, zile nyavu. Ukimwambia tu "turudi kwenye mada", anaona umemnyamazisha, na wenzake wote wanaosikiliza wanaona hivyo hivyo. Kipindi kilipoisha mtayarishaji alimpigia, wakaongea nusu saa nje ya hewa.

Kuna kuhama kusiko na hatari. Mzee mmoja wa Ujiji alianza na migebuka akaenda mpaka bei ya mahari enzi za ujana wake. Mzee hukatizwi katikati ya sentensi. Sikiliza pumzi yake, anapoivuta ingia na wadhifa wake kwanza: "Mzee wangu, hapo hapo kwenye migebuka, enzi hizo mlikuwa mnapumzisha ziwa wakati gani?" Akajibu jambo ambalo wavuvi wote wanalijua ila sikuwa nimelitumia kupanga kipindi: wa dagaa huvua gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hukaa nchi kavu.

Nilipotazama nyuma nikaona vipindi vyangu vya uvuvi vilivyokosa simu vingi viliangukia siku za giza. Niliokuwa nawauliza walikuwa majini. Sasa ziwa likiwa wazi, mada ya wavuvi naipanga wiki ya mwezi mpevu, na siku za giza nachukua ya wakulima au ya bodaboda. Tazama kalenda yako ya mwezi kabla hujamwalika mgeni wa uvuvi.