Makopo ya rangi hayalingani kwenye mfumo

"Nipo duka la vifaa vya ujenzi, Moshi. Picha za skrini za mfumo: Agosti 31 makopo 60, Septemba 30 makopo 18. Tumeuza 50, zimeingia katoni 8 za makopo manne manne. Nimwandikieje msimamizi?"

Dada, kwanza kahesabu rafuni. Picha hizo zinaonyesha mfumo unavyosema tu, kopo lenyewe hazilioni. Katoni 8 ni makopo 32, kwa hiyo 60 + 32 − 50 inatakiwa 42. Pengo ni 24. Sasa jaribu 60 + 8 − 50: inatoka 18 kamili! Nahisi aliyepokea mzigo aliingiza katoni kama makopo. Ukikuta 42 rafuni, ndiyo hiyo. Ukikuta 18, uchunguzi ni mwingine kabisa.

Picha ziambatanishe, ila kumtaja mtu wa stoo aliyepokea mzigo hapana. Andika hivi:

"Ndugu Msimamizi, habari za kazi. Mfumo unaonyesha rangi pungufu kwa makopo 24 kwa Septemba. Rafuni nimehesabu … Huenda katoni 8 zilisajiliwa kama makopo 8. Nimeambatanisha picha mbili, zenye tarehe na saa, pamoja na hati ya kupokelea mzigo. Naomba tuhakiki kabla ya kurekebisha chochote kwenye mfumo."

Saa ni muhimu, maana mauzo ya jioni yanaweza kuingizwa baada ya picha.