Maswali yenu: densiti ya pamoja juu ya pembetatu

Maswali manne ya wiki hii yanahusu zoezi moja: f(x,y) = 8xy pale 0 < x < y < 1, na sifuri kwingineko.

Mwalimu, nimepata densiti ya X peke yake kuwa 4x, lakini jumla yake inatoka 2. Nimekosea wapi?

Umeweka y kutoka 0 hadi 1, kana kwamba eneo ni mraba. Chora pembetatu yenye pembe (0,0), (0,1) na (1,1), kisha simama kwenye x moja, tuseme 0.3, upande juu. Unaingia eneo kwenye mstari y = x, si chini kabisa, na unatoka y = 1. Basi integrali ya 8xy kwa y kutoka x hadi 1 ni 4x(1 − x²), na hiyo inajumlika kuwa 1. Kwa Y, x inakwenda 0 hadi y, unapata 4y³. Ulifanya vyema kukagua jumla; wengi hawakagui.

8xy inagawanyika kuwa sehemu ya x na sehemu ya y. Kwa nini X na Y si huru?

Kwa sababu ya umbo la eneo. Y ikiwa chini ya 0.5, X haiwezi kuzidi 0.5, kwa hiyo uwezekano wa X > 0.5 na Y < 0.5 pamoja ni sifuri. Peke yake kila tukio lina uwezekano: 9/16 na 1/16. Kuzidisha hakuleti sifuri. Mtego huu huwanasa hata wanaojua hesabu vizuri.

Uwezekano wa X < 1/4 nikijua Y = 1/2 ni sawa na nikijua Y < 1/2?

Hapana. Ukijua Y = y, gawa 8xy kwa 4y³: unabaki na 2x/y², x ikiwa kati ya 0 na y. Kwa y = 1/2 ni 8x, na integrali hadi 1/4 inatoa 1/4. Ukijua tu kwamba Y < 1/2, unagawa uwezekano kwa uwezekano: 7/256 kwa 1/16, yaani 7/16. Jibu limepanda kwa kuwa sasa Y inaweza kuwa ndogo zaidi, na ikiwa ndogo inaibana X.

Nitafuteje P(X + Y < 1)? Mimi nimeanza na x, nikakwama.

Hukukwama, umechagua njia ndefu. Mstari x + y = 1 unakutana na y = x kwenye (1/2, 1/2). Ukianza na x, mpaka wake wa juu unabadilika hapo: y kwanza, halafu 1 − y, kwa hiyo unahitaji integrali mbili, 1/16 na 5/48. Ukianza na y, inatembea kutoka x hadi 1 − x, na x kutoka 0 hadi 1/2. Ya ndani ni 4x(1 − 2x), ya nje inatoa 1/2 − 1/3 = 1/6. Zile mbili nazo zinajumlika kuwa 8/48, ileile 1/6.