Ofa ya "Mlete Shosti": piga hesabu ya saluni yako kabla hujabandika tangazo

Mara ya kwanza nilipoweka ofa ya mlete shosti kwenye stetasi ya WhatsApp, niliandika mistari miwili tu: "Njoo na rafiki yako, wote mnapata punguzo la asilimia 20. Ofa ni ya mwezi mmoja." Watu walikuja. Wiki ya tatu msusi wangu mkubwa akaniita pembeni, kule nyuma tunakoanika taulo, akaniambia, "Dada, huyu mteja namsuka mwaka wa pili sasa. Leo ameleta mwenzake, na mimi napata pungufu kwa wote wawili. Kosa langu ni lipi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hesabu ile sikuwa nimeipiga. Tangu siku ile naifanya ofa hii kwa namna nyingine, na ndiyo ninayotaka kuwaonyesha wenzangu wenye saluni ndogo zenye wasusi wa kugawana.

Chukueni rasta za kawaida. Kwangu ufundi ni Sh 30,000, nywele mteja anakuja nazo au ananunua kando. Msusi anachukua nusu, Sh 15,000, saluni inabaki na Sh 15,000 ya kodi, umeme, maji na mimi mwenyewe. Asilimia 20 ya 30,000 ni 6,000. Mteja akilipa 24,000 na mkagawana nusu kwa nusu, msusi anapata 12,000. Amekaa saa tano zilezile, vidole vilevile, ila amepungukiwa 3,000, na hakuna aliyemuuliza. Kwa mgeni anaweza kuvumilia kwa kuwa ni mteja mpya. Kwa yule wa zamani, ambaye angekuja tu hata bila ofa, hiyo ni hasara tupu kwake. Matokeo yake mnayajua: msusi anaanza kumnong'oneza mteja amfuate nyumbani, na mteja huyo humuoni tena.

Kwa hiyo la kwanza ni kwamba punguzo linatoka upande wa saluni. Msusi anapata 15,000 yake kamili, iwe kwa mgeni au kwa aliyemleta. Ukishakubali hivyo, utaona mara moja kwamba asilimia 20 ni nyingi. Mimi nimeweka kiasi kisichobadilika, Sh 4,000 kwa kila mmoja. Mgeni analipa 26,000, saluni inabaki na 11,000. Mwenyeji, yaani aliyemleta, akirudi naye analipa 26,000, saluni inabaki na 11,000 nyingine. Jumla 22,000. Bila ofa ningepata 15,000 ya mwenyeji peke yake, kwa hiyo nyongeza halisi ni 7,000. Si pesa nyingi. Faida yenyewe iko kwa mgeni akirudi mara ya pili kwa bei kamili, na ndiyo maana nahesabu waliorudi. Nikihesabu waliokuja tu najidanganya.

Kuweka dawa ni habari nyingine. Kwangu ni Sh 25,000, lakini dawa, shampuu na mafuta vinakula karibu 9,000, msusi 6,000, saluni inabaki na 10,000. Kwenye ofa yangu ya kwanza nilitoa 5,000 kwa mgeni na 5,000 kwa mwenyeji. Maana yake yote niliyopata kwa mgeni niliitoa, nikabaki nimemuwekea dawa bure. Siku hizi kwenye dawa sipunguzi fedha, nawapa wote wawili stimu ya bure. Mteja huilipia 5,000, mimi inanigharimu kama 1,500 ya dawa ya stimu na umeme. Anayepewa anaona amepata kitu cha maana, na kweli amepata. Mitindo ya haraka kama twende kilioni siiweki kabisa kwenye ofa. Ukitoa 4,000 kwenye kitu cha 10,000 saluni haibaki na kitu cha maana.

Sasa muda, ambao ndio ulionigombanisha na wateja. Niliandika mwezi mmoja. Lakini aliyesukwa rasta leo hatarudi baada ya mwezi, atarudi baada ya wiki sita hadi nane. Dada mmoja alimleta mdogo wake, akakaa na rasta zake wiki saba, akaja na picha ya tangazo langu kwenye simu kudai punguzo lake. Nikamwambia ofa imeisha. Aliondoka bila kukasirika, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu ahadi niliitoa mimi na muda niliouweka haukumpa nafasi ya kuipata. Nilimpigia kesho yake nikamuomba radhi na kumpa punguzo lake. Tangu hapo mgeni anapunguziwa siku anayokuja, na mwenyeji ana siku 75 za kutumia lake, kuanzia siku mgeni wake alipolipa. Hapo hata anayekaa na rasta miezi miwili anawahi.

Neno "mgeni" nalo litakuletea maneno usipolifafanua. Watu watakuja na dada ambaye ulimsuka Idi iliyopita, na hawana nia mbaya, wanadhani inahesabika. Mimi natumia namba ya simu: kama namba haipo kwenye daftari langu la wateja, huyo ni mgeni. Daftari la ofa lina safu nne tu, yaani jina na namba ya mgeni, aliyemleta, tarehe aliyolipa, na tarehe aliyorudi. Safu ya mwisho naikagua kila baada ya miezi miwili. Msimu uliopita walikuja wageni 14 na waliorudi ni 6. Nilipoangalia vizuri, wengi wa wasiorudi walikuja Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa kosa langu jingine. Marafiki wawili wanapenda kukaa pamoja wakisukwa huku wanapiga soga, kwa hiyo wanahitaji wasusi wawili kwa wakati mmoja, na Jumamosi hao hawapo wazi. Mgeni anakaa saa mbili kwenye benchi akiangalia wengine, halafu anasukwa haraka na mkono uliochoka. Huyo ukimpunguzia hata nusu ya bei hatarudi. Sasa ofa ni Jumatatu hadi Alhamisi, kwa kuweka nafasi siku moja kabla. Desemba na wiki mbili kabla ya Idi naifunga kabisa, kwa sababu siku hizo viti vinajaa vyenyewe.

Tangazo ninalobandika sasa linasomeka hivi, mkipenda libadilisheni bei mtumie:

"Mlete shosti ambaye hajawahi kusukwa kwetu. Kwa rasta na twisti za kuanzia Sh 20,000, yeye anapunguziwa Sh 4,000 siku hiyo hiyo. Wewe unapunguziwa Sh 4,000 ukija tena ndani ya siku 75. Mnaoweka dawa, wote wawili mnapata stimu ya bure. Ni Jumatatu hadi Alhamisi. Tuma jina lako na la shosti wako siku moja kabla, tuwawekee viti viwili vya jirani."

Ule mstari wa viti viwili vya jirani niliuongeza mwisho, baada ya wateja wenyewe kuniomba. Ndio wanaoutaja wengi wanapotuma meseji ya kuweka nafasi, kabla hata ya kuuliza punguzo. Msusi wangu mkubwa sasa ndiye anayepanga viti hivyo, na wageni wawili kati ya wale sita waliorudi walimuomba yeye kwa jina.