"Mapema" ni saa ngapi?

"Mama, mgeni wa boti ya kisiwa cha Changuu ameghairi jana magharibi, safari ilikuwa leo asubuhi. Kwenye WhatsApp nilimwambia 'ukighairi tuambie mapema'. Nimrudishie pesa?"

Mwanangu,

Hapo "mapema" ni saa ngapi? Kwake yeye, magharibi ya jana ni mapema, maana hata usiku haujaingia. Kwa mjomba wako, aliyekwisha kununua petroli ya boti, ni kuchelewa. Kila siku nasema: soga si mkataba.

Unamkumbuka yule bwana wetu aliyekulia Uingereza? Kiswahili chake safi, tukacheka kwenye simu, nikamwandikia, "Haya, saa 3 Forodhani, kila kitu ndani." Mjomba wako akakaa kwenye boti toka saa tatu asubuhi hadi jua likamchoma kisogo. Bwana akaja saa tisa alasiri, kofia kichwani, na watoto wanne. Kwake saa 3 ni ya saa ya ukutani. Na "kila kitu" kwake kilikuwa pamoja na kiingilio cha kuwaona kobe na chakula cha mchana. Kwangu mimi kilikuwa boti na maji ya kunywa. Kiingilio nilikilipa mimi. Mjomba wako hakusema neno, na ndilo lililoniuma.

Tangu hapo, mazungumzo yakiisha, nayapitia tena toka juu, kwa sababu watu huanza wanne wakaishia sita, kisha naandika ujumbe mmoja peke yake:

"Jumamosi 14 Juni, saa 3:00 asubuhi (09:00), Forodhani. Watu 6. Boti kwenda na kurudi, maji ya kunywa, vifaa vya kuogelea. Hakuna: kiingilio cha Changuu, chakula. Jumla sh 120,000; umelipa 60,000. Ukighairi kabla ya Ijumaa saa 12:00 jioni (18:00), unarudishiwa yote. Baada ya hapo, hiyo 60,000 hairudi. Sisi tukiahirisha kwa upepo, utachagua siku nyingine au pesa yako yote. Jibu NAKUBALI."

Lisilosemwa kwenye soga usilijaze kwa kubuni. Kama vifaa havikutajwa, muulize kwanza. Na asipojibu, mpigie. Alama mbili za buluu si kukubali.

Najua utasema ujumbe kama huo ni mkavu, unamtisha mteja. Wengine kweli huwatisha. Mimi mwenyewe nilimpoteza mmoja hivyo, akaenda kwa wa jirani anayejibu "poa". Lakini msimu wa kusi, bahari ikichafuka, ni nani anayebaki akibishana juu ya pesa?

Kuhusu mgeni wako, sitaki kukuamulia. Ofisi ni yako sasa. Ila neno "mapema" ulilichagua wewe, si yeye. Na petroli ya mjomba wako ilipe leo, usingoje akuulize, maana hatakuuliza.

Mama