Pole ya kukopi haimfariji mtu: maswali yenu ya imeili za msiba na hongera

Meneja wetu kafiwa na mama yake. Nimeandika hivi, nirekebishie: "Bosi wangu kipenzi, nimeumia mno hadi sasa siamini, na mimi nilimpoteza mama 2019 kwahiyo najua unavyojisikia. Kazi ya Mungu haina makosa, jikaze. Ukihitaji chochote nipo. NB: ile likizo yangu usiisahau."

Hiyo NB futa kwanza ndo tuongee. Haya, kipenzi pia toa, mwite vile vile unavyomwita kila siku kazini, kama ni Madamu basi Madamu, manake siku ya msiba sio siku ya kuanza ukaribu mpya. Sasa angalia, sentensi yako ndefu kuliko zote inakuhusu wewe, umeumia wewe, huamini wewe, mama yako wewe, yaani aliyefiwa ndo inabidi akupe pole! Najua nia yako ilikuwa nzuri lakini huo msiba wa 2019 uache, mkikutana ana kwa ana na akauliza, hapo utasimulia.

"Jikaze" nayo ni amri, huwezi kumpa bosi wako amri akiwa analia. Na "kazi ya Mungu haina makosa" hata kama unaiamini, anayeisoma usiku wa kwanza anasikia kama anaambiwa anyamaze. Nyie mnaopenda kutuma "Bwana ametoa na Bwana ametwaa" kasomeni tena Ayubu, maneno yale aliyasema mfiwa mwenyewe, marafiki zake walipofika walikaa nae chini siku saba bila kusema neno, na walipoanza kuongea ndo wakaharibu.

"Ukihitaji chochote nipo" haina ubaya ila haina kitu ndani, manake inampa mfiwa kazi ya kufikiria akutume nini. Taja kitu kimoja ambacho kweli utakifanya. Ingekuwa mimi ningeandika hivi, kichwa cha imeili kiwe "Pole kwa msiba", sio "Re: Bajeti" kwa sababu umeona uvivu kufungua imeili mpya:

"Madamu, nimepokea kwa masikitiko taarifa ya kufiwa na mama yako. Pole sana wewe na familia. Nakumbuka alivyotukaribisha chai siku tulipokuja kukuona ulipokuwa unaumwa. Ripoti ya mwezi nitaimalizia mimi na Ijumaa nitamkabidhi msaidizi wako. Usihangaike kunijibu."

Hiyo ya chai ni kama kweli ulimfahamu mama. Kama hukuwahi kumuona usitunge, ruka, ujumbe utasimama tu.

Marehemu ni Muislamu, RIP inafaa?

Haifai, na kusema ukweli hata kwa Mkristo ni herufi tatu za mtu aliyekuwa na haraka. Kama dini ya mfiwa huijui, "pole sana kwa msiba" inatosha kila nyumba.

Mwenzangu kapewa cheo tulichoomba wote. Nimpongezeje bila kuonekana mnafiki?

Fupi, siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiseme "ulistahili kuliko wote" manake wote mnajua uliomba na wewe, hatakuamini. Taja kitu kimoja ulichokiona kwa macho: "Hongera kwa cheo kipya. Ulivyotuvusha kwenye ule ukaguzi wa mwaka jana nilijifunza mengi. Nakutakia kazi njema." Basi. Na ile "usitusahau huko juu" mnaiona utani, kwenye maandishi inasomeka kama ombi.

Dada wa uhasibu kajifungua, niandike "hongera mama kijacho"?

Jamani! Mama kijacho ni mjamzito, huyu keshajifungua. Andika "hongera kwa kupata mtoto, nawatakia afya njema wote wawili" halafu uishie hapo. Usiulize kama ni kwa opresheni, usiulize kilo, na usimwambie aongeze wa pili. Pia hakikisha habari imetoka kwake au kwa ofisi, sio umeisikia kantini, kuna watu wamepongezwa wakati mtoto hakupona.

Nibonyeze Reply All?

Hapana. Hili nalijibu mara ya nne.

Nilikuwa safari, msiba una wiki tatu sasa. Nitume bado au nimechelewa?

Tuma. Wiki tatu ndo watu wameshatawanyika na simu zimeacha kulia, yako itasomwa vizuri kuliko zile arobaini za siku ya kwanza. Ila usianze na historia ya safari na mtandao kukatika, "samahani nimechelewa kukuandikia, pole sana kwa kufiwa na baba" inatosha, na kama kuna rambirambi mpe mkononi, usiiandike kwenye imeili.