Dima ya taa haifai kwa pangaboi

"Nimefunga pangaboi kwenye swichi ya kupunguza mwanga. Likienda polepole linanguruma na mota inachemka. Tatizo nini?"

Ndugu, tatizo ni hiyo dima. Inakatakata umeme, mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50. Balbu ya waya haijali, maana waya hauwahi kupoa. Mota ndiyo hutetemeka na kupata joto. Ukifungua hadi mwisho mngurumo ukaisha, chanzo ni hicho.

Nunua regyuleta ya feni, ile ya hatua 1 hadi 5 yenye kapasita: inapunguza volti bila kukata umeme. Taa ya pangaboi ipe swichi yake. Zima mein swichi, pima kwa testa kabla ya kugusa nyaya. Ukinusa harufu ya kuungua, usiliwashe tena, mwite fundi umeme.