Makala haina moshi, sivyo?

"Niko na mimba ya miezi tano hapa Goma, juu ya mvua napikia makala ndani ya nyumba. Kwa vile makala haina moshi sana, mutoto hana shida?"

– Dada, moshi unapunguka ni kweli, lakini makala inatosha gesi yenye haionekane wala hainuke, monoksidi ya kaboni, na ile njo inashika damu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inafika kwenye kondo na oksijeni kidogo, tena damu ya mutoto inachelewa kuiachilia, unaweza toka inje ukajisikia muzuri kumbe yeye bado. Ikirudia kila siku anakomaa polepole, anaweza zaliwa chini ya kilo 2.5. Sigara iko na gesi ile ile, na nikotini juu yake inabana mishipa ya kondo. Kichwa kikiuma jikoni kikapoa ukitoka, inaweza kuwa ni ile gesi. Na babula yenye makala nyekundu bado inaitosha, usiilaze na wewe kwa chumba.

– Mie nilipikia kuni mimba zote tatu, wa mwisho kilo 3.4 😅

– Mama, ulikuwa unapikia wapi?

– Inje, chini ya mabati.